Mistari Mitano ya Protoni Nne

Hotuba hii niliitoa Tanga mjini, mbele ya walimu wa kemia na fizikia na wanafunzi wao wa kidato cha sita. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha, na palipohitaji mchoro nimeeleza kwa maneno.

Walimu wangu, wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Leo nimekuja na mchoro mmoja tu. Una mistari mitano iliyosimama kwa nafasi sawa. Ule wa katikati ndio mrefu kuliko yote, wa pembeni yake ni mifupi kidogo, na ile miwili ya mwisho ni mifupi sana hata asiyeangalia vizuri huweza kuipita. Ukiipima, urefu wake unafuatana hivi: moja, nne, sita, nne, moja. Nataka tukitoka hapa kila mmoja wenu aweze kuutazama mchoro huo na kusema, bila kubahatisha, ni kitu gani kilichouchora. Kwa nini mitano? Kwa nini isiwe minne, au kumi na sita? Na kwa nini moja, nne, sita, nne, moja?

Kitu chenyewe mnakijua kwa jina. Ni haidrokwinoni. Naona akina mama wameguna. Naam, ndiyo hiyo hiyo ya krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku nchini. Zamani waliosafisha picha za filamu waliitumia pia katika dawa yao. Ni pete ya kaboni sita, ile ya benzini, yenye oksijeni mbili zilizokaa pembe mbili zinazotazamana. Kwenye pembe nne zilizobaki kuna haidrojeni nne. Ukiiyeyusha katika ethanoli, ukatia tone la kostiki, ile ya watengeneza sabuni, ukaiacha ipate hewa kidogo, rangi hugeuka manjano na kuelekea kahawia. Oksijeni ya hewani imechukua elektroni moja kutoka katika kila molekuli iliyofikiwa, na imeacha nyingine moja bila mwenzake. Molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake ndiyo tunayoiita radikali huru, na hii yetu jina lake ni semikwinoni.

Sasa, elektroni isiyo na mwenzake ina tabia gani?

Ina spini, na kwa sababu ya spini ni sumaku ndogo. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku ina njia mbili tu za kukaa, kufuata uga au kuupinga, na kati ya njia hizo mbili kuna pengo la nishati. Uga ukiongezeka, pengo linapanuka. Ukiipigia elektroni hiyo mawimbi ambayo nishati yake inalingana na pengo hilo kamili, inayameza na kugeuka. Yasipolingana, inayaacha yapite.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili ni mwanafizikia Yevgeny Zavoisky, katika Chuo Kikuu cha Kazan, mwaka 1944. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado inapiganwa. Zavoisky alichukua chumvi za shaba na za manganizi, kwa kuwa metali hizo zina elektroni zisizo na wenzake, akaziweka kwenye uga wa sumaku na kuzipigia mawimbi ya redio. Kisha akawa anaubadili uga taratibu huku akitazama ni wapi mawimbi yanamezwa. Shikeni neno hilo: mawimbi hayabadiliki, kinachobadilika ni uga. Mashine za leo bado zinafanya hivyo hivyo, ila badala ya mawimbi ya redio nyingi hutumia mikrowevu ya gigahezi 9.5 hivi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa elektroni iliyo huru kabisa, kila militesla moja ya uga inadai megahezi 28 hivi za mawimbi. Gigahezi 9.5 ni megahezi 9,500. Gawanya kwa 28, unapata militesla 339. Kwa semikwinoni yetu, ambayo thamani yake ya g, yaani namba inayoeleza pengo linapanuka kiasi gani uga ukiongezeka, ni 2.0047 na siyo 2.0023 ya elektroni huru, jibu linashuka kidogo na kuwa 338.6. Kwa hiyo ukiuzungusha uga kuanzia 337.6 hadi 339.6, unategemea kuona mawimbi yakimezwa mahali pamoja, pale 338.6. Mstari mmoja.

Lakini mchoro una mitano. Je, elektroni imekosea hesabu?

Haikukosea. Sisi ndio tuliosahau majirani zake. Kiini cha kila haidrojeni ni protoni moja, na protoni nayo ina spini, nayo ni sumaku, ingawa ni dhaifu kwa elektroni mara zaidi ya mia sita. Nayo pia ina njia mbili za kukaa. Kwa hiyo elektroni haihisi uga wa mashine peke yake. Inahisi uga wa mashine pamoja na nyongeza ndogo, au punguzo dogo, kutoka kwa kila protoni iliyo karibu. Katika semikwinoni yetu, kila protoni inaongeza au inapunguza militesla 0.12 hivi. Protoni zipo nne. Tuzihesabu.

Hapa Tanga sina haja ya kumweleza mtu mashua. Chukueni mashua ndogo iliyo majini, ndani yake watu wanne wenye uzito ule ule, na kila mmoja hana budi kuketi ama joshini ama demani, umbali ule ule kutoka katikati. Hakuna anayeruhusiwa kukaa katikati. Mashua italala kiasi gani? Haijali nani yuko wapi. Inajali ni wangapi wako upande upi. Wote wanne wakikaa joshini, mashua italala sana upande huo, na jambo hilo linawezekana kwa namna moja tu. Watatu joshini na mmoja demani, inalala kidogo. Namna ngapi? Nne, kwa sababu yule mmoja aliyejitenga anaweza kuwa yeyote kati ya wanne. Wawili kwa wawili, mashua imesimama wima, na namna za kuwapanga ni sita. Wanaotilia shaka waandike majina ya wanne hao na wajaribu kuchagua wawili wawili. Hawatapata zaidi ya sita. Kisha tunashuka upande wa pili: nne, halafu moja.

Moja, nne, sita, nne, moja. Jumla kumi na sita. Namna za kukaa ni kumi na sita, lakini milalo ya mashua ni mitano tu.

Ndiyo maana mistari si kumi na sita. Na ndiyo maana si minne. Protoni nne zinazofanana zinatoa mistari mitano. Protoni sita, mistari saba. Protoni tatu, kama katika radikali ya methili, mistari minne yenye urefu wa moja, tatu, tatu, moja. Walimu wa hisabati mlio hapa mmeshaitambua pembetatu ya Pascal. Idadi ya mistari huwa moja zaidi ya idadi ya protoni, na urefu wa mistari ni safu inayohusika ya pembetatu hiyo.

Turudi kwenye namba zetu. Mstari wa katikati uko 338.58. Molekuli ambayo protoni tatu zinaongeza na moja inapunguza, elektroni yake tayari ina msaada wa militesla 0.237, kwa hiyo mashine inatakiwa kutoa pungufu kwa kiasi hicho, na mstari unatokea 338.34. Zote nne zikiongeza, mstari unatokea 338.11. Upande wa pili ni 338.82 na 339.05. Nafasi kati ya mstari na mstari ni 0.237 kila mahali. Nafasi hiyo ndiyo kitu cha kwanza mtu wa maabara anachokipima, na ndiyo inayoandikwa kwenye daftari.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi huliacha bila kuliuliza, hata vyuoni. Je, molekuli moja inatoa mistari mitano?

Haitoi. Molekuli moja, kwa wakati mmoja, ina mpangilio mmoja tu wa protoni zake, na inatoa mstari mmoja tu. Mistari mitano ni makundi matano ya molekuli. Ndani ya kile kimrija cha kioo kuna mabilioni kwa mabilioni ya radikali, na kila moja imejipanga kivyake. Urefu wa mstari ni ukubwa wa kundi. Elektroni inapogeuka, protoni hazigeuki nayo. Zinabaki zilivyokuwa, kwa hiyo kila kundi linaendelea kumeza mawimbi mahali pake.

Na kwa nini mipangilio yote kumi na sita iwe na nafasi sawa ya kutokea? Kwa nini protoni zisipendelee upande mmoja? Kwa kweli zinapendelea, ila ni kidogo mno. Katika uga wa militesla 339, pengo la nishati la protoni ni megahezi 14 na kitu. Joto la chumba linavuruga kwa nguvu kubwa kuliko hiyo kwa mamia ya maelfu ya mara. Upendeleo unaobaki ni wa sehemu mbili hivi katika milioni. Hakuna mashine ya aina hii itakayouona.

Tumemaliza kuhesabu. Sasa tuje kwenye neno ambalo nimelipitisha haraka makusudi: protoni zinazofanana. Zinafanana kwa nani?

Nitawapa kisa cha ndugu wawili. Haidrokwinoni ina ndugu anayeitwa katekoli. Kaboni sita, oksijeni mbili, haidrojeni nne kwenye pete. Ukiandika fomula za hawa wawili, huwezi kuwatofautisha. Tofauti ni moja tu: oksijeni za katekoli zimekaa jirani, pembe ya kwanza na ya pili, wakati za haidrokwinoni zinatazamana. Katekoli nayo ukiitia kostiki na hewa inatoa semikwinoni yake. Protoni nne kwa protoni nne. Je, tutegemee mistari mitano?

Inatoka tisa.

Kwa nini? Tazameni pete. Katika haidrokwinoni, kila haidrojeni ina oksijeni upande mmoja na haidrojeni mwenzake upande wa pili. Ukiigeuza molekuli, ukaipindua, kila haidrojeni inaweza kuangukia mahali pa mwenzake, na wewe uliyefumba macho hutajua kama kuna kilichofanyika. Lakini katika katekoli, haidrojeni mbili zimepakana na oksijeni, na mbili ziko mbali nazo. Hakuna namna ya kuigeuza molekuli ili ya karibu iende mahali pa ile ya mbali. Elektroni nayo inawatembelea kwa viwango tofauti. Zile mbili za mbali zinapata mgawanyiko, yaani nafasi kati ya mstari na mstari, wa militesla 0.37 hivi, zile mbili zilizopakana na oksijeni hazifiki hata 0.1.

Kwenye mashua yetu sasa wako wanene wawili na wembamba wawili. Wanene peke yao wanatoa milalo mitatu, kwa uwiano wa moja, mbili, moja. Kila mlalo huo wembamba wanaugawa tena mara tatu, moja, mbili, moja. Tatu mara tatu ni tisa. Kwenye mchoro utaona makundi matatu ya mistari mitatu mitatu, na kundi la katikati lina urefu maradufu. Jumla ya sehemu bado ni kumi na sita, kwa sababu protoni bado ni nne na kila moja bado ina njia mbili. Tena upana wote wa mchoro, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ni karibu sawa kwa ndugu hawa wawili, militesla 0.9 hivi kila mmoja. Anayepima upana tu hatawatofautisha. Anayehesabu mistari anawatofautisha kwa kutupa jicho mara moja.

Kwa hiyo kufanana si suala la kuwa zote ni haidrojeni. Kufanana ni kwamba elektroni inakaa karibu na kila moja kwa kiasi kilekile.

Na hilo linatuleta kwenye ile nafasi ya 0.237. Kwa nini 0.237? Kwa nini isiwe 2, au 50?

Namba hizo sikuzitoa hewani. Atomi ya haidrojeni iliyo peke yake, elektroni ikiwa imeizunguka protoni yake mwenyewe, mgawanyiko wake ni wa militesla 50 na ushei. Radikali ya methili ni 2.3. Benzini iliyoongezewa elektroni moja ni 0.375. Yetu ni 0.237. Kuna nini ndani ya namba hizi?

Tuanze na methili na benzini. Katika methili, elektroni yote iko kwenye kaboni moja. Katika benzini iliyoongezewa elektroni, elektroni hiyo hiyo moja imegawanywa sawasawa kwa kaboni sita. Hebu mmoja wa wanafunzi azidishe 0.375 kwa sita. Ndiyo, 2.25. Karibu sawa na 2.3 ya methili. Mwaka 1956 Harden McConnell aliliandika jambo hili kwa fomula fupi ambayo watu wa fani hii wanaitumia mpaka leo:

```
a = Q × ρ
```

Hapa a ni nafasi kati ya mistari, ρ ni sehemu ya elektroni iliyo kwenye kaboni inayoshikilia haidrojeni hiyo, na Q ni namba isiyobadilika sana, ambayo ukubwa wake ni militesla 2.3 hivi. Ukitaka kujua elektroni iko wapi katika molekuli, hupigi picha. Unapima nafasi kati ya mistari.

Tuitumie kwa semikwinoni yetu. Gawanya 0.237 kwa 2.3: unapata 0.10. Kila kaboni yenye haidrojeni ina asilimia kumi hivi ya elektroni. Ziko nne, kwa hiyo ni asilimia arobaini. Je, asilimia sitini iliyobaki iko wapi? Iko kwenye oksijeni mbili na zile kaboni mbili zinazozishika. Protoni hazipo pale, ndiyo maana sehemu hiyo haitoi mstari wowote. Mchoro unaonyesha kilicho karibu na protoni tu; kilichobaki tunakipata kwa kutoa.

Mwalimu mmoja wa fizikia ameshanipa jicho, na najua anataka kuuliza nini. Elektroni hii iko kwenye obitali ya pai, juu na chini ya pete, na kwenye bapa la pete lenyewe, pale protoni zilipo, haipo kabisa. Sasa protoni inaihisije? Jibu ni kwamba haiihisi moja kwa moja. Elektroni yetu inawasumbua jirani zake, zile elektroni mbili zinazofunga kaboni na haidrojeni. Ile yenye spini kama yake inavutwa kidogo upande wa kaboni, na mwenzake anabaki amesogea kidogo upande wa haidrojeni. Protoni inahisi mabaki hayo. Ndiyo sababu Q kwa hakika ni namba hasi, na ndiyo sababu ni ndogo mno ikilinganishwa na 50 ya atomi ya haidrojeni. Ila mchoro wa kawaida hauonyeshi kama a ni hasi au chanya. Mistari inabaki palepale.

Wapenzi wasikilizaji, mpaka hapa kila kitu kimekwenda sawa. Kwenye maabara hakiendi hivyo. Nataka nitumie muda uliobaki kwenye mambo yanayoharibu mchoro, kwa sababu huko ndiko mtu anakodanganyika.

Kisa kimoja. Mwanafunzi mmoja wa chuo, jina lake tuliache, alipewa mchoro wa radikali asiyoijua. Akahesabu mistari mitano, nafasi sawa. Akaandika: protoni nne zinazofanana. Msimamizi wake akamrudishia karatasi bila kusema neno, akaandika tu pembeni, “pima urefu.” Akapima. Mstari wa nje kabisa ulikuwa asilimia arobaini ya jirani yake. Ingekuwa ni protoni nne, ungepaswa kuwa robo, moja kwa nne. Jirani wa katikati alikuwa robo tatu ya ule wa katikati. Kwa protoni nne ungekuwa theluthi mbili, nne kwa sita. Sasa tazameni safu ya protoni sita: moja, sita, kumi na tano, ishirini, kumi na tano, sita, moja. Sita kwa kumi na tano ni asilimia arobaini. Kumi na tano kwa ishirini ni robo tatu. Ilikuwa ni benzini iliyoongezewa elektroni kwa metali ya potasiamu katika baridi kali. Mistari miwili ya nje, ambayo ni sehemu moja ya ishirini ya ule wa katikati, ilikuwa imezama kwenye mavumi ya mashine.

Mnaona? Kuhesabu mistari peke yake hakutoshi. Hesabu mistari, kisha pima urefu. Mistari ya nje ndiyo dhaifu, na ndiyo ya kwanza kupotea.

Lakini hata urefu una mtego wake. Mashine hizi hazichori mstari kama mlima. Zinachora mteremko wake: kalamu inapanda, inakata sifuri katikati, inashuka chini, inarudi. Hii inatokana na namna uga unavyotikiswa mara 100,000 kwa sekunde ili ishara itenganishwe na mavumi. Kwenye mchoro wa namna hiyo, mstari ukipanuka mara mbili bila kubadilika kiasi chake, urefu wake unapungua mara nne. Kwa hiyo kulinganisha urefu ni halali pale tu mistari yote ina upana mmoja. Kwenye kimiminika chepesi, molekuli zikipinduka haraka, upana huwa karibu sawa. Kwenye kimiminika kizito kama gliserini, mistari ya upande mmoja inaweza kupanuka kuliko ya upande wa pili, na ile moja, nne, sita inavurugika. Na ukiigandisha sampuli kabisa, mara nyingi mistari yote inamezwa na uvimbe mmoja mpana.

Ule mtikiso wa uga nao una madhara yake. Ukiuzidisha ili ishara ionekane kubwa, mistari inapanuka. Mistari ya semikwinoni iliyotayarishwa vizuri ni myembamba sana, karibu sehemu moja ya mia ya militesla. Mtikiso wa militesla 0.3 ni mkubwa kuliko nafasi yenyewe kati ya mistari, na mistari mitano inaungana kuwa mawimbi mawili matatu yasiyo na maana. Dawa yake ni kupunguza mtikiso nusu kwa nusu mpaka upana wa mstari usipungue tena. Pale ulipoacha kupungua, ndipo upana ni wa radikali yenyewe na si wa mashine.

Kuna pia oksijeni. Tuliikaribisha ituchukulie elektroni, na sasa imekuwa mgeni asiyeondoka. Oksijeni ya hewani ina elektroni mbili zisizo na wenzake, na kila inapogongana na radikali yetu inaivuruga, mistari inapanuka. Kwa hiyo ukishaona rangi, unapitisha naitrojeni ndani ya sampuli kwa dakika kadhaa kuifukuza. Ukipima kabla na baada, utaona mistari ikinywea na kurefuka mbele ya macho yako.

Na la mwisho katika mikasa hii: wenyeji wa hapa husema kuhusu mji huu, waja leo waondoka leo. Radikali ndivyo zilivyo. Semikwinoni inadumu vizuri kwenye alkali, lakini si milele, na kostiki ikizidi inaanza kubandika oksijeni nyingine kwenye pete. Pembe moja iliyokuwa na haidrojeni sasa ina oksijeni, haidrojeni tatu zilizobaki hazifanani tena, na kati ya mistari yako mitano vinaanza kuchomoza vijistari vigeni. Anayerudi baada ya chakula cha mchana anakuta mchoro mwingine. Ndiyo maana anayeijua kazi hii huchora mara moja, anasubiri kidogo, anachora tena. Mistari inayopungua kwa pamoja ni ya radikali moja. Inayokua wakati nyingine inapungua ni ya mgeni.

Sasa, ukiwa bado na shaka kwamba mistari mitano ni ya zile protoni nne na si kitu kingine, ufanye nini?

Zibadilishe. Tengeneza haidrokwinoni ambayo pete yake ina deuteri badala ya haidrojeni za kawaida. Kikemia karibu hakuna kilichobadilika, elektroni inakaa palepale. Lakini kiini cha deuteri ni sumaku dhaifu zaidi, mgawanyiko wake ni mdogo mara 6.5, na tena kina njia tatu za kukaa badala ya mbili. Kwa nne zinazofanana, mistari inakuwa tisa: moja, nne, kumi, kumi na sita, kumi na tisa, kisha inashuka vilevile. Nafasi inakuwa 0.036, na mchoro wote unasinyaa kutoka militesla 0.95 hadi 0.29. Mistari inaongezeka huku mchoro unakuwa mwembamba. Hakuna hitilafu ya mashine inayoweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa viwango hivyo.

Naona mwenye zamu ananionyesha saa. Kabla ya maswali, nawaachia wanafunzi kazi moja ya kwenda nayo. Radikali moja ya kaboni na haidrojeni tupu ina mistari minane, nafasi sawa, militesla 0.39 hivi kati ya mstari na mstari, na katikati ya mchoro hakuna mstari bali kuna mistari miwili mirefu iliyo sawa. Mwisho kabisa, pande zote mbili, kuna vijistari ambavyo ni sehemu moja ya thelathini na tano ya ile mirefu. Niambieni ina haidrojeni ngapi, pete yake ina pembe ngapi, na mkizidisha 0.39 kwa idadi ya haidrojeni mlizopata, linganisheni jibu na 2.25 ya benzini. Halitakuwa sawa kabisa, na nataka mniambie kwa nini mnadhani halikuwa sawa.

Haya, karibuni. Nani anaanza?